Daraja Lililopimwa kwa Rula Mbili

Kuna watu wana mzio wa samaki, wengine wa vumbi. Mimi mzio wangu ni Mkuu wa Idara yetu ya Mipango. Nikisikia tu viatu vyake kwenye korido, naanza kujikuna.

Mwaka ule tulipewa kazi moja: kushauri daraja lijengwe wapi. Ng'ambo ya mto kuna mji wenye soko kubwa. Upande huu kuna miji miwili, wa juu na wa chini, na pesa za serikali zilitosha daraja moja. Mji wa juu aliishi dada yangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilimwambia Mkuu mapema kwamba nina ndugu kule, asije akasema nimeficha. Akacheka. "Kanuni haina ndugu, mama," akasema. Mfyuu!

Kanuni yenyewe, ya kukadiria safari kati ya miji, si ngumu. Unachukua ukubwa wa mji huu, yaani idadi ya watu wake, unazidisha kwa ukubwa wa mji ule, halafu unagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa umbali huohuo. Miji ikiwa mikubwa, watu na mizigo vinavutana. Ikiwa mbali, mvuto unakufa, tena haraka: umbali ukipungua mara kumi, safari zinaongezeka mara mia. Tulikuwa tumeilinganisha na idadi ya malori ya barabara zetu wenyewe, ikakubali.

Sasa, bila daraja, mtu wa mji wa juu anazunguka kilomita mia moja kufika sokoni. Likijengwa, ni kumi. Mji wa chini nao, likijengwa kwake, ungefika kwa kumi zilezile. Umbali ukishalingana, kinachobaki ni watu: juu elfu sitini, chini elfu ishirini. Mji wa juu unashinda mara tatu. Hata mtoto anaona.

Siku ya kikao Mkuu akasimama mbele ya wakubwa, akawasha skrini. Mji wa chini, anakotoka mkewe, kilomita kumi. Mji wa juu, kilomita mia. Kwa hiyo mji wa chini ukaushinda wa juu zaidi ya mara thelathini. Wakubwa wakatikisa vichwa kukubali, mmoja anachokonoa meno.

Nikanyanyuka. "Samahani, Mkuu. Huku umeweka umbali wa daraja likiwepo, kule umeweka umbali wa daraja likiwa halipo."

"Kule halipo," akajibu, na uso mkavu kama ubao.

"Na huku lipo?"

Mwenye kijiti akaacha kuchokonoa. Mkuu akatabasamu tabasamu lake la mafuta, akawaambia wenzake, "Mumsamehe. Ana dada yake kule." Wakaangua kicheko. Wallahi, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Mtu anapima kitambaa cha mkewe kwa rula moja na cha jirani kwa rula nyingine, halafu mwenye aibu ni mimi!

Nilipeleka hesabu sahihi kwa aliye juu yake. Nikaambiwa, mwenye nguvu mpishe. Daraja likajengwa mji wa chini.

Dada alivumilia. Wafanyabiashara waliokuwa wakimletea mpunga wakahamia kule kwenye daraja, mmoja mmoja, kisha na familia zao. Akanipigia simu akisema mashine inawashwa mara mbili kwa wiki, tena kwa kuionea huruma tu. Mwisho akaiuza kwa bei ya vyuma chakavu, akaja kwangu na wanawe wawili. Wanalala sebuleni, magodoro tunayasimamisha ukutani kila asubuhi.

Juzi yakatoka matokeo ya sensa mpya. Mkuu akaingia ofisini kwetu, hata hodi hakupiga, huku akitafuna karanga. "Mji wa juu umebaki na watu elfu thelathini na tano, wa chini umefika elfu arobaini!" akasema, vipande vinamruka mdomoni. "Mnaona? Kule ningejenga daraja la kuvusha mbuzi. Kanuni haidanganyi." Akanipiga bega, kwa mkono uleule wa karanga, kama tumeshinda pamoja.

Nilienda msalani nikanawa bega zima. Nikarudi nikakaa. Nani angenisikiliza? Namba zake safari hii zilikuwa za kweli. Yeye ndiye aliyezifanya ziwe za kweli.

Jioni nikamsimulia dada huku tukimenya viazi. Nilidhani atatukana, nami nilitamani atukane, tutukane wote. Akaendelea kumenya.

"Hiyo kanuni yenu," akaniuliza, "ilijua mimi nitahamia wapi?"

Nikafikiria. Mji mkubwa kuliko yote, ulio karibu na kwao, barabara imenyooka.

"Hapa," nikamwambia.

"Basi ungenunua kitanda," akasema.