Mashini ya Delphine

Familia ilimchagua Musonda, fundi wa nguo wa mtaa uitwao Kenya, asimamie mali ya marehemu kaka yake. Alipaswa kuorodhesha kila kitu kwanza, ndipo agawe. Yeye, kwa haraka zake, siku ya kumaliza matanga akampa dada yao mashini ya kushona, akidhani ni ya marehemu. Kumbe ni ya mjane, Delphine, na dada ameshaiuza kwa mpita njia.

Delphine hakulalamika. Alishona kwa mkono.

Jumatatu Musonda akatua mashini yake mwenyewe mlangoni pa Delphine.

“Kosa iko yangu, shemeji. Mali ya batoto ba kaka haiwezi kuilipa.”

“Na weye utashona na nini?”



Delphine akaweka viti viwili. “Lete vitambaa vyako. Tutapokezana.”