Punguzo Halilaliwi

Mashuka yalirundikwa juu ya meza ya mapokezi. Yalikuwa meupe pe. Sasa yana rangi ya ufizi. Mwenye nyumba ya wageni hakumkaribisha kiti afisa mauzo wa kampuni ya kufua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja tena kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Binti wa watu akabaki amesimama. Bosi alishasema wazi: mteja huyu akiondoka, milango ya kampuni inafungwa. Akamwacha mama afoke mpaka aishiwe, bila kumkata kauli, bila kusingizia sabuni wala maji.

"Kitambaa chekundu kilichanganywa na nguo nyeupe," alisema hatimaye. "Kosa ni letu. Badala ya haya tunakununulia mapya, na ya kutandika leo nimekuja nayo garini. Lakini niambie, mama, kilichokuuma zaidi ni nini?"

Mama akasimulia. Kilichomuuma ni wageni wa harusi kusimama koridoni na mabegi yao, vitanda havina mashuka, naye akaenda kumpigia magoti jirani awapokee. Aibu hiyo haikumtoka.

"Basi usitegemee tena yaliyoko kwetu. Tukuwekee akiba hapa kabatini: machafu yakitoka, safi yapo. Bei itapanda kidogo, sikufichi."

Mama aliligeukia kabati. Alikuwa ameanza kulainika.

"Na huko kwenu kimebadilika nini? Mara ya kwanza mlipoharibu mlinipa punguzo. Punguzo halilaliwi, mwanangu."

Hapo ndipo maji yalipomfika binti shingoni. Anayechambua nguo ni baba yake mzazi. Macho ya mzee yanafifia, na binti alijua tangu alipomwona akitumbukiza kidole kikombeni kupima chai imefika wapi. Mara ya kwanza alimwambia bosi ni mashine. Safari hii hakuwa na uongo uliobaki, na bila jibu la kweli mama angeondoka, na mzee angekosa kazi vilevile, pamoja na wenzake wote.

"Aliyekuwa anachambua hatachambua tena. Kuanzia leo."

Mama akampa mkono. Akamwagizia na chai. "Wewe unaijua kazi yako," akasema, na binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Aliporudi alimkuta baba yake kwenye meza ya kuchambulia, akipapasa pindo za nguo.

"Umemrudisha?"

"Nimemrudisha, baba."

"Ndiyo maana nilikusomesha!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi mashuka yake nitayachambua mwenyewe, moja moja. Hatalalamika tena yule."

 Binti akamzunguka, akashika kamba za aproni yake mgongoni, akaanza kuzifungua. Mzee, akidhani bintiye anamkazia, akasimama wima na kuinua mikono ili amrahisishie.