Gauni la Doto

Bi Mwaisha hakuupenda mpango wa mkwewe, na hakuuficha mdomo wake. Kwake yeye Idi ni sare. Watoto wa nyumba moja wavae jora moja, basi, watu wajue hawa ni wa mwanawe Muhidini. Alikulia Mikindani, na huko, alisema, hata watoto saba walitoka wamefanana kama visheti vya chungu kimoja.

"Sasa wewe unataka kila mtu na lake," alimwambia Mwasiti. "Watu watasema tumeokota."

"Hawatasema, mama. Tutafuatana rangi, ila hatutafanana."

Wote wawili walijua sababu. Ilikuwa imekaa ukumbini, mtoto wa miaka saba, ikichora sakafu kwa kijiti.

Doto alizaliwa na pacha wake, Kurwa. Tangu wakitambaa walivaa kitu kimoja, mpaka majirani wa Ufukoni walichoka kubahatisha wakawa wanaita majina yote mawili kwa pamoja, atakayegeuka ageuke. Masika ya mwaka ule wa sabini surua ikapita mtaani, ikamchukua Kurwa. Tangu hapo Doto alikula nusu ya sahani akaacha nusu, na kitandani alilala pembeni kabisa, akiacha nafasi. Siku moja walikwenda naye harusini, na mgeni wa Lindi asiyejua lolote akamshika kidevu: "Mwenzio umemwacha wapi leo?" Mtoto alirudi nyumbani peke yake, mbio, na toka siku ile hakutaka tena kuonekana penye watu.

Ndipo Mwasiti, mama yake, alipokata shauri. Idi hii Doto atatoka. Na atatoka katika nyumba ambayo hakuna aliyefanana na mwenzake, ili jicho la mtu lisipate jozi ya kuihesabu, wala pengo la kuliona. Kama kila mmoja yuko peke yake kwa vazi lake, upweke wa Doto utapotelea humo humo. Ndivyo alivyojipangia, maskini, na alipanga kwa akili.

Alianza na kitambaa cha Doto, maana cha maua ndicho cha kutangulia, vingine vinakifuata. Kilikuwa cheupe, chenye maua madogo ya buluu na manjano. Kutoka humo akachuma rangi zake. Buluu tupu kwa Zuhura, binti mkubwa, ukosi wake utiwe vipande vya maua. Kwa Iddi, mwana wao mdogo, shati jeupe na kaptula ya buluu, na kofia iliyodariziwa kwa uzi huo huo. Muhidini kanzu yake ilikuwepo, akatafutiwa kikoi chenye mlia wa buluu cha kuvaa akishatoka msikitini. Bi Mwaisha, kwa kununa kwake, alipata mtandio wa manjano hafifu. Mwasiti mwenyewe, kanga ya buluu iliyoiva. Dukani alimchosha muuzaji: kila kipande alikibeba mpaka mlangoni akakilaza juu ya kile cha maua, kwa kuwa buluu ya gizani dukani si buluu ya barabarani, na buluu mbili zikikaribiana bila kupatana ni aibu kuliko rangi zisizohusiana kabisa.

Fundi Saidi alizishona nguo nyingine mapema. Gauni la Doto alilichelewesha. Siku ya mwisho wa mfungo, alasiri, alikuja nalo mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasimama barazani bila kutaka kukaa.

"Mama Zuhura, nina neno."

Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na magauni mawili, maua yale yale, mikono ile ile ya kuvimba, vifungo vile vile.

Mwasiti alilaza moja juu ya jingine, yakalingana.

"Mimi wale watoto nilizoea kuwakatia pamoja," Saidi alisema. "Nakikunja kitambaa, mkasi unapita mara moja, yanatoka mawili sawasawa. Jana nikakikunja. Nilipokuja kufikiri, mkasi ulikuwa umeshafika kiunoni. Nikaona kukitupa siwezi. Nikayashona. Nisamehe, dada."

Angemkaripia, na alitaka kumkaripia. Lakini gauni moja la umri ule halili zaidi ya yadi mbili, na fundi asingeweza kutoa mawili kwenye kitambaa cha moja. Ni yeye Mwasiti aliyesema dukani "yadi nne", kama alivyosema kila mwaka, kwa mdomo wake, huku akili yote iko kwenye kuchagua buluu. Mdomo wake nao ulikuwa haujamzika Kurwa.

"Si kosa lako, fundi," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mwanamume asiye wake.

Gauni moja alilitundika. La pili alilisukuma ndani kabisa ya kasha, chini ya mashuka. Aligeuka akamwona Doto amesimama mlangoni, na hakujua amesimama tangu lini.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri kupita matumaini. Muhidini alirudi kutoka kuswali, akawatazama mkewe na watoto mmoja mmoja, akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Leo mmenipamba na mimi," alisema akifunga kikoi. Hata Bi Mwaisha alijifunga mtandio, akajitazama kwenye kioo mara mbili alipodhani hatazamwi. Doto alichelewa chumbani, akatoka kimya. Gauni lilimkaa vibaya, limemjaa kifuani na kubana makwapani. Mwasiti alimlaumu Saidi moyoni, akasema afadhali, ametoka.

Wakashika njia ya Shangani kuwapa watu mkono wa Idi. Nyumba ya kwanza waliwasifu, ya pili waliwasifu zaidi. "Mmependeza, na hakuna aliyemwiga mwenziwe," mama mmoja alisema, na Mwasiti akamwona Doto akitembea katikati ya nduguze na hakuna aliyemkazia macho. Jua tu ndilo lililokuwa kali, na mtoto alikuwa ametota jasho usoni.

Kwa Bi Somoe, ajuza wa mtaa ule, watoto walipanga foleni wapewe kaimati za shira. Bibi yule macho yalikuwa yamefifia, hata misiba ya watu alikuwa akiisahau. Zuhura alipewa, Iddi akapewa. Alipofika kwa Doto alimpapasa uso, akamtambua, akampa kaimati mkono wa kulia, akachota nyingine.

"Na Kurwa yuko wapi?"

Mwasiti alinyoosha mkono amvute mwanawe, lakini Doto hakukimbia. Aliinua pindo la gauni lake. Chini yake palionekana pindo la pili, maua yale yale.

"Yuko huku ndani," alisema. "Nimetoka naye."

Akapokea kaimati ya pili kwa mkono wa kushoto, akashukuru.

Mwasiti alimchukua mpaka kivulini nyuma ya nyumba. Mgongo wote ulikuwa umelowa, na makwapani nguo ilikuwa imemchubua mpaka ngozi imeiva. Akapiga magoti mchangani na kanga yake mpya, akaanza kufungua vifungo.

"Vua gauni moja, mwanangu. Utaungua na joto."

Doto alimtazama mama yake, kaimati zikimdondoka shira vidoleni.

"La nani?" aliuliza.

Mwasiti alitazama la juu, akatazama la chini. Kisha akavirudishia vifungo, kimoja kimoja, akamfuta mtoto jasho, wakarudi barazani walipokuwa wengine.