Mambo Matano Kuhusu Kiatu

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina alipewa kwa sababu ana jibu la kila swali, hata lile ambalo hakuulizwa. Sasa mtandao wa video ulikuwa umekataa kumlipa, eti video zake zinajirudia na zimetengenezwa kwa wingi, na jibu hakuwa nalo.

"Sijaiba cha mtu," alimlalamikia mkewe, fundi cherehani. "Hata lile wingu linaloonekana nyuma ya kila video nimelipiga picha mwenyewe, hapo uani."

"Hawajasema umeiba. Wamesema zinafanana."

Mkewe alikuwa na haki ya kununa. Chumba cha mbele kilikuwa chake, mpaka Profesa alipotundika pazia la kijani na kukiita studio. Cherehani ikahamia jikoni, na wateja wakaanza kulalamika kuwa nguo zinanuka vitunguu. Profesa alipoamua kukata rufaa, wakapatana: ikikataliwa, chumba kinarudi.

Rufaa yenyewe ilikuwa video. Mwombaji ajionyeshe anavyofanya kazi, wakaguzi waone mchango wake. Profesa akavaa tai, mkewe akashika simu.

"Ndugu wakaguzi," Profesa alianza kwa madaha, "hapa naandika neno moja tu. Leo, kiatu. Nabonyeza. Programu inatunga, inasoma, inaweka wingu. Basi, imekwisha, hata jasho sijatoka."

Sauti ya mashine ikasoma: "Mambo matano usiyoyajua kuhusu kiatu. La kwanza, kiatu ni muhimu sana." Ikaendelea hivyo hadi la tano: "Kiatu hupatikana duniani kote."

"Si ndivyo ilivyosema kuhusu mwezi?" mkewe aliuliza nyuma ya simu.

Profesa akasahau wakaguzi. "Na wewe je? Sare za shule unashona rundo zima, rangi moja, mshono mmoja, na unalipwa."

"Mshono mmoja, ndiyo. Lakini kila sare ina mtoto wake, nami nampima. Wewe kiatu umekipima wapi? Kwenye hiyo video wewe uko wapi?"

Profesa aliirudia video ya kiatu. Iliuma, maana alijitafuta kweli na hakujiona. Hata hivyo alituma, ila kipande cha ugomvi alikikata. Kwa maoni yake kilipunguza hadhi.

Jibu lilikuja: rufaa imekataliwa, anaweza kuomba upya baadaye akishabadilisha video zake. Profesa aliinua cherehani bila kusemeshwa, akairudisha chumba cha mbele huku akihema.

"Niachie walau kona moja," aliomba. "Nitatafuta kiatu kibovu, nikifumue mwenyewe, niseme ninachokiona."

"Kona chukua."

Alipogeuka kutafuta pazia lake, ukuta ulikuwa mtupu. Juu ya meza palikuwa na foronya nne za kijani.

"Zipime ukitaka," mkewe alisema. "Hakuna mbili zinazolingana."