Ukimya wa Chumba Kile

Binti alishaamua: chuoni angesomea kurekebisha rangi za picha. Kwenye filamu ya kaka yake alirekodi sauti kwa sababu tu hakupatikana mwingine.

Walipomaliza kupiga onyesho la mwisho, aliwaomba wenzake watulie nusu dakika arekodi ukimya wa chumba kile, ule mvumo mdogo ambao mtu hausikii mpaka ukosekane.

"Ukimya nao unarekodiwa?" kaka yake alicheka. "Pakieni taa, twendeni!" Wote wakaangua kicheko na kuburuta masanduku, naye akabaki ameshika maikrofoni kama mjinga.

Leo, kwenye chumba cha uhariri, mbele ya binti na kaka yake, mhariri alikata kikohozi kilichoingia katikati ya maneno ya mwigizaji. Kikohozi kilipotoka, pakabaki shimo, kana kwamba mtazamaji amezibwa masikio ghafla.

"Nipe ukimya wa chumba nizibe hapa," mhariri akasema.

"Haupo," binti akajibu.

Kaka yake akaja juu. "Wewe mtu wa sauti gani? Umeniharibia filamu!"

Damu ikamchemka binti. "Nani alisema pakieni taa? Nani? Mlinicheka meno yote nje, halafu leo jumba bovu uniangushie mimi?"

Kaka akanywea. "Haya, yaishe. Si unakwenda zako kwenye rangi?"

"Siendi tena! Kwenye rangi nitakaa gizani nikisafisha uzembe mnaoufanya nisipokuwepo. Nasomea sauti. Siku nyingine nikiomba ukimya, nitasimama mlangoni, na hatoki mtu. Kuanzia wewe."