Kamera Inageuka Kulia

Lomayani alikuwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu, uso umevimba, damu ikimtoka sikioni. Pikapu ilisimama mbele ya duka la Zuena pale Korogwe, na Mhina akaingia na panga mkononi. Salamu hakuna.

Zuena alipiga picha za harusi, na tangu intaneti ifike mjini alikuwa akiwauzia Wazungu vipande vifupi vya video. Mnunuzi hakujui wala hajui kwenu. Anatafuta kwa maneno. Basi kila kipande lazima kiandikwe nani anafanya nini, wapi, lini, na kamera inakwendaje. Kipande kilichomleta Mhina alikiandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Mfugaji ampiga mkulima kwa rungu, lambo la Kwaluguru, Handeni, kamera ya mkononi, inageuka kutoka kushoto kwenda kulia." Chini akapanga maneno ya kutafutia: mapigano, mifugo, maji, ukame, rungu.

Mkulima aliyepigwa ni Muhidini, mdogo wake Mhina. Alikufa palepale. Binamu yao wa Dar alitafuta neno Kwaluguru, akakiona kipande, akapiga simu. Leo Mhina na vijana wa kwao wamemkamata Lomayani mnadani.

"Nionyeshe kwa ukubwa," alisema Mhina. "Nataka uniambie ndiye. Nikitoka hapa tunammaliza."

Zuena alijua ni kauli yake tu inayosubiriwa.

"Kaka Mhina, kile nilikikata. Mwanzo kamera ilitikisika, na wanunuzi hawataki hivyo. Lakini nimeandika inatoka kushoto. Kwanza tazama kilichokuwa kushoto."

Akaweka kanda yenyewe, ile isiyokatwa. Kushoto palikuwa na Nasinkoi, mke wa Lomayani, amepiga magoti ukingoni mwa lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, akikinga ndama. Muhidini akamkata panga la bega. Akamkata tena. Mama wa watu akaanguka majini, na Muhidini akainua panga mara ya tatu. Hapo ndipo kamera ikageuka kulia, Lomayani akaja mbio na rungu.

Mhina alitazama mpaka mwisho. Machozi yalimlenga, na Zuena akamshukuru Mungu, akidhani mtu ameokoka. Kumbe damu ni nzito kuliko maji, hata maji ya lambo lile.

Mhina alitoka nje taratibu. Vijana wakamzunguka.

"Vipi, ndiye?" aliuliza mmoja wao, Sadala.

Mhina alimtazama Lomayani, akatazama chini.

"Ndiye."

Zuena akatoka mbio akipiga kelele: "Muhidini ndiye aliyeanza! Alimkata mwanamke! Mhina ameona, muulizeni!"

Vijana walisita, marungu yakabaki hewani. Sadala akamgeukia Mhina. Mhina alipanda kwenye pikapu kabla hajaulizwa mara ya pili, akawa wa kwanza kumpiga Lomayani.