Malalamiko ya Anatory na Kosa Lake

Barua ilimfikia Anatory Jumanne saa tisa alasiri, nayo ikamwita kikaoni kesho yake saa tatu asubuhi. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama langoni, kisha akaenda nayo hadi chumba cha kuchambulia kahawa, akaiweka mezani mbele ya Eustakia, juu ya punje zilizokuwa zikingoja mkono wake.

"Mama, wananifukuza," alisema.

Eustakia alikuwa amechambua kahawa katika kiwanda kile cha Mugoma kwa miaka kumi na tisa, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Walikuwa watu sitini na wanne kiwandani, na arobaini na saba kati yao walikuwa wamejiunga. Kwa kuwa ndio walio wengi, mwajiri alikitambua chama kuwa ndicho cha kukaa naye mezani kwa niaba ya wafanyakazi wote, hata wale ambao hawakujiunga. Tangu mvua za masika walikuwa wakijadili mkataba wa hali bora. Mambo mengi yalikwishakubaliwa. Lililobaki lilikuwa vumbi la chumba cha kukobolea, na Alhamisi ile ndiyo iliyopangwa kulimaliza.

Aliifuta mikono, akasoma barua. Ilimtuhumu Anatory kwa mambo mawili. La kwanza, kumkashifu msimamizi wake, Philbert, kwa barua aliyompelekea meneja. La pili, kuacha mashine ya kukobolea ikizunguka na kuondoka. Mwisho iliandikwa kwamba mwenyekiti wa kikao atakuwa Philbert mwenyewe.

Habari yenyewe Eustakia aliijua. Anatory alikuwa akikohoa tangu msimu uanze. Daktari alimwandikia akae mbali na vumbi, Philbert akaikunja karatasi ile na kuitia mfukoni, akamwambia arudi kwenye mashine. Ndipo kijana akamwandikia meneja malalamiko. Hayakujibiwa. Siku nne baadaye yeye na Philbert walitupiana maneno mbele ya watu, Anatory akatoka nje, mashine akaiacha. Kahawa ilijaa kinywani mwa mashine, mkanda ukakatika, ukapita kando ya sikio la Joyness aliyekuwa akikinga magunia. Angekuwa ameinama kidogo tu, tungekuwa tunasimulia mengine.

"Barua hii imefunga mbuzi na fisi kamba moja," Eustakia alisema. "Nisubiri hapa."

Meneja alikuwa Halfani, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa mjini Biharamulo, mtu mpole wa maneno, ambaye hakupenda kugombana na mtu yeyote kabla ya swala ya alasiri wala baada yake. Alimkaribisha Eustakia kiti, akaisikiliza hoja yake mpaka mwisho.

"Mama Eustakia," alisema, "hili nilitaka tuliongee kama watu wa nyumba moja. Alhamisi nitakubali feni ya kuvuta vumbi. Nitatia saini, basi. Ila hili la Anatory msilikuze. Mwacheni aende zake."

Ukutani, nyuma ya kichwa cha meneja, palikuwa na dirisha, na kupitia dirisha lile aliwaona wanawake wa zamu wakikung'uta vilemba vyao, vumbi likiwaruka kama unga. Vifua sitini na vitatu. Kifua kimoja. Hesabu ile aliipiga moyoni, na hakuona haya kuipiga, kwa sababu feni waliitaka kwa miaka mingi, na Anatory kweli alikuwa amefanya kosa.

"Meneja," alisema hatimaye, "mkataba ni wa wote, nao una meza yake. Nikimtoa mtu mmoja ili nipate feni, siku nyingine utamtaka wa pili, nami nitakuwa nimeshakuonyesha njia. Tuliache la feni lingoje siku yake. Leo nimekuja na mambo matatu tu."

"Yataje."

"Barua ya malalamiko si kosa. Ni haki ya mfanyakazi kulalamika, na ilikupasa wewe uijibu. Iondoe kwenye tuhuma, uisikilize kwa kikao chake. Pili, Philbert ndiye anayeshitaki. Hawezi kushitaki na kuhukumu. Tatu, taratibu za nidhamu mlizozibandika pale langoni zinampa mtu walau saa arobaini na nane za kujiandaa. Ninyi mmempa usiku mmoja."

Halfani alisugua paji la uso. "Na tukienda hivi hivi?"

"Akifukuzwa hivi hivi, ana siku thelathini za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko wataangalia sababu, na wataangalia pia njia mliyopita."

Meneja alichukua simu, akampigia Mwanne, mkuu wa ghala la Biharamulo, aje Ijumaa kuongoza kikao. Alipomaliza alimtazama Eustakia bila tabasamu. "Alhamisi tusitarajiane mema sana," alisema.

Jioni ile Eustakia alimweleza Anatory yote, wakiwa wameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kijana alifurahi, akapiga goti lake kwa ngumi.

"Basi Ijumaa namwaga yote! Nitasema Philbert ndiye aliyenifikisha pale. Mashine ameiharibu yeye."

"Hapana," Eustakia alisema. "Sikiliza. Malalamiko unayaanzisha wewe, na mwajiri ndiye anayepaswa kujibu. Hayana mshitakiwa, yana tatizo la kutatuliwa. Nidhamu anaianzisha mwajiri, na anayejibu ni wewe. Ijumaa wataulizana jambo moja, kama uliiacha mashine inazunguka au hukuiacha. Ukiwajibu kwa habari za Philbert, watakuona unajificha."

"Kwa hiyo nikubali nifukuzwe?"

"Sitakwambia useme nini. Mdomo ni wako, nami sitakiri jambo kwa niaba yako. Nakuuliza tu mimi na wewe hapa. Ulikibonyeza kitufe cha kuzimia mashine?"

Anatory alisimama. "Mama, wewe uko upande gani?"

"Upande wako. Ningekuwa upande mwingine ningekuacha useme hayo uliyoyapanga."

Aliondoka bila kuaga. Eustakia alibaki akiwaza kama amefanya sawa. Walipomchagua kuwa katibu alidhani kazi yake itakuwa kupaza sauti. Hakuna aliyemwambia kwamba mara nyingine itakuwa kumwambia mtu wa kwake neno asilotaka kulisikia, tena wakati ambao anamhitaji zaidi.

Alhamisi walikutana na uongozi. Halfani alisema umeme wa kiwanda hauwezi kubeba feni kubwa. Eustakia na wenzake wa kamati ya tawi, ambao alikuwa amewaeleza ahadi ya meneja, hawakubishana naye kwa maneno matupu. Waliomba waone taarifa ya fundi, kwa kuwa anayejadiliana kwa nia njema hafichi taarifa inayohusika. Iliahidiwa kuletwa Jumatatu. Wakatoka hivyo, na mmoja wa wanakamati akanong'ona kwamba feni imekwenda kwa sababu ya mkorofi mmoja. Eustakia alisikia, akaendelea kutembea.

Ijumaa Mwanne alifika mapema. Alikuwa mama wa makamo, mtandio wake umefungwa vizuri, miwani puani.

"Shikamoo, mama," Anatory alimsalimu.

"Marahaba. Keti. Unajua kwa nini tuko hapa?"

Philbert alisoma tuhuma, sasa ikiwa moja tu. Joyness aliitwa akaeleza alichokiona, akashika sikio alipofika kwenye mkanda. Mwanne alimpa Anatory nafasi ya kumuuliza maswali. Anatory alimtazama Joyness, akatikisa kichwa.

"Basi tuambie wewe," Mwanne alisema.

Magunia yalisikika yakiburutwa ghalani. Eustakia alikaza macho mezani.

"Niliiacha," Anatory alisema. "Pumzi ilikuwa imenibana. Lakini kitufe kilikuwa karibu na mkono wangu. Sikukibonyeza kwa sababu nilikuwa na hasira, nilitaka Philbert aone hasara. Joyness sikumfikiria." Akamgeukia. "Nisamehe, dada."

Mwanne aliandika, kisha akatamka kwamba kosa limethibitika. Kabla hajaamua adhabu alimuuliza mwakilishi wa Anatory kama ana neno. Hapo ndipo Eustakia alipozungumza. Alisema Anatory ana miaka minne kiwandani bila onyo. Alisema juu ya karatasi ya daktari.

Philbert aliinuka nusu. "Hilo si la kikao hiki!"

"Si la kufuta kosa," Mwanne alisema, "lakini linanisaidia kupima adhabu. Kaa."

Mwanne alitoka, akarudi baada ya muda na adhabu. Onyo la mwisho la maandishi. Kama Anatory hakuridhika, alikuwa na siku tano za kazi za kukata rufaa kwa uongozi wa juu. Hakukata.

Malalamiko yalisikilizwa Jumatatu na Halfani mwenyewe. Safari hii hakuna aliyesoma tuhuma. Waliketi duara, na meneja akamuuliza Anatory anataka nini kifanyike.

"Nitoke kwenye vumbi," alisema. "Na Philbert naye apewe onyo kama langu."

Eustakia alimgusa kiwiko. "La kwanza wanaweza kulijibu leo," alisema taratibu. "La pili, hapana. Wakiona Philbert ana kosa, naye watamwandikia tuhuma, atapewa siku zake, atasikilizwa. Haki uliyoipata wewe Ijumaa, naye anayo."

Philbert alimtazama Eustakia kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Kisha akaitoa ile karatasi mfukoni mwa shati lake la kazi, imekunjamana, akainyoosha mezani. "Nilidhani ni visingizio," alisema. "Wengi huniletea karatasi wakati wa msimu, na sijaambiwa nizipeleke wapi."

Halfani alijibu kwa maandishi siku ileile, Anatory ahamie kwenye mizani, mbali na ukoboaji, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Taarifa ya fundi ilipokuja, ilionyesha kwamba Halfani hakusema uongo. Nyaya hazingeweza kubeba feni mwaka ule, hata kama angetia saini. Kamati ikarudi mezani, wakabishana siku mbili, wakatoka na barakoa kwa kila mtu, zamu fupi kwenye ukoboaji, na feni kabla ya msimu ujao. Kipengele kingine Eustakia alikiandika kwa mkono wake: msimamizi akipewa karatasi ya daktari, aifikishe kwa meneja siku hiyohiyo, na mfanyakazi ajibiwe ndani ya siku tatu.

Wanachama walikusanyika kwenye uwanja wa kuanikia kahawa kuupigia mkataba kura. Mmoja alisimama akasema feni ingekuwa imeshapatikana kama katibu angekuwa na busara. Baadhi walipiga makofi. Eustakia alisoma vipengele kimoja kimoja, polepole, kwa sababu wapo ambao Kiswahili cha ofisini kinawachosha, na wengine wakawa wanatafsiriana kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani.

Mikono iliponyooshwa, wengi waliukubali. Anatory alikuwa nyuma kabisa, mkono wake juu. Tangu Ijumaa ile alikuwa akimsalimu Eustakia kwa ufupi kama mtu wa njiani, na bado hakumtazama. Eustakia alimhesabu pamoja na wengine, akaandika idadi, akampa kalamu mwenyekiti wa tawi atie saini.